Sarafu ya mia mbili

Baba wa rafiki yangu alifariki mwaka 2019, akazikwa Marangu, kwenye kihamba chake, kati ya migomba aliyoipanda mwenyewe. Mimi ni Mpare. Mpare akienda msiba wa Mchaga anakwenda kama mtani, na mtani ana kazi. Nilifika jioni ya kuamkia mazishi. Alfajiri nikapewa sururu kabla sijapewa chai.

Tulichimba watu sita. Shimo lilipofika kiunoni nikaketi humo humo na kugoma kutoka mpaka nilipwe. Wakaniletea elfu mbili. Nikapiga kelele kwamba Wachaga ni wabahili hata kwa maiti wao, na shangazi mmoja akanijibu kuwa Mpare asipolipwa atakwenda kutufungulia kesi, atauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Hata mjane, aliyekuwa hajala tangu juzi, alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko nusu kilio. Halafu nikapanda juu, nikachota maji, nikasaidia kubeba jeneza. Nani angenikasirikia? Udongo ulikuwa umenijaa hadi masikioni.

Kabla ya mazishi nilituma utani kwenye grupu letu la WhatsApp, watu saba tuliosoma pamoja. Unaujua huo wa sarafu: Mchaga akifa, mwangushie sarafu karibu na sikio, asipoamka basi amekufa kweli. Nikaandika: "Tumemwangushia mzee mia mbili, hakuamka. Sasa nimeamini." Sekunde chache tu, mwana wa marehemu akajibu: "Hiyo mia mbili umeitoa wapi, Mpare, na deni langu hujalipa?" Watu wakacheka, akacheka na yeye.

Kosa langu lilikuja baadaye, nikiwa nimejikalia kwenye kigoda, nimechoka na nimefurahi kidogo kama mtu anavyofurahi msibani akishafanya kazi yake. Nikapiga picha ya shimo, sururu imesimama pembeni, nikaandika maneno yale yale juu yake, nikaongeza "Mchaga ni Mchaga", nikaweka stetasi.

Mimi ni fundi wa friji Dar. Kwenye simu yangu nina namba za wateja karibu mia tatu, na wengi wao wana yangu, kwa hiyo stetasi yangu wanaiona. Sikuwafikiria hata kidogo. Kichwani mwangu nilikuwa bado naongea na wale saba.

Na kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipokaa kulifikiria. Kwenye grupu, jibu la mwana wa marehemu lilikaa chini ya utani wangu. Kila aliyesoma moja alisoma na la pili. Kwenye stetasi, anayekujibu anakuja kwako faraghani. Shangazi yule yule alinijibu, tena kwa tusi zuri sana, lakini nililiona mimi peke yangu. Wengine waliona mtu anacheka juu ya kaburi na hakuna anayemjibu. Utani wenye upande mmoja si utani tena, ni dharau.

Kesho yake mteja mmoja alinipigia. Ni mama aliyehamia Dar kutoka Bujumbura, friji lake nilikuwa nimelifungua nusu, na alikuwa ameniachia ufunguo wa nyumba. Hakufoka. Alisema: "Fundi, kwetu mtu akianza kutaja kabila la mtu aliyekufa, tunafunga mlango. Naomba ufunguo wangu."

Nilianza kumweleza. Nikamwambia habari ya Wapare na Wachaga, nikamwambia nimechimba kwa mikono yangu, nikamwambia mjane mwenyewe amecheka. Nilijisikia ninavyozidi kuharibu. Yeye alikuwa na picha na maneno. Udongo wa masikioni mwangu haukuwa kwenye picha. Na kusema kweli, kwa mtu aliyeishi aliyoyaishi, sentensi ile "Mchaga ni Mchaga" haina namna nyingine ya kusomeka.

Nilifuta stetasi, lakini skrinshoti ilikwishapita. Iliingia kwenye grupu la mtaa wangu. Picha ya namna hiyo inafika kama picha mpya: haionyeshi ni ya lini wala iliwekwa kwa nani. Watu wawili waliandika neno ukabila. Mmoja alikuwa Mpare mwenzangu.

Ufunguo nilimrudishia mlinzi wake, na friji lake likamaliziwa na fundi mwingine. Matanga yalipoanuliwa, mjane alinitoza faini ya sarafu ile ile ya mia mbili mbele ya ukoo mzima, akaitia kwenye kibweta chake na kusema haitoki.

Siku hizi stetasi yangu ni bei za kompresa na gesi. Yule mama wa Bujumbura bado ana namba yangu. Kila nikiweka bei, naona jina lake kati ya waliotazama.