Nilivyofumbua ujumbe wa herufi zilizosogezwa kwa kutazama mwisho wa maneno

Ujumbe wenyewe ulikuwa mstari mmoja tu:

IHYBH FH WPSP PRV JOPUP FH QPDL RBIDH RHYPIB UH TSHUNV DH UFBTH

Nilijua mambo mawili. La kwanza, umeandikwa kwa Kiswahili. La pili, kila herufi imesogezwa mbele hatua zile zile katika alfabeti, na ikipita Z inaanza tena A. Idadi ya hatua hizo ndiyo ufunguo. Kwa alfabeti ya herufi 26 kuna funguo 25 tu, maana kusogeza hatua 26 ni kurudi pale pale. Mtu anaweza kuzijaribu zote moja baada ya nyingine na mwishowe akapata. Mimi sikuanza huko, kwa sababu Kiswahili chenyewe huutoa ufunguo ukikitazama mahali panapofaa, na mahali hapo ni mwisho wa maneno.

Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu: a, e, i, o au u. Anayeficha ujumbe kwa kusogeza herufi hawezi kuiondoa tabia hiyo, anaibadilisha sura tu. Kwa hiyo niliandika pembeni herufi ya mwisho ya kila neno kwa mpangilio wake: H, H, P, V, P, H, L, H, B, H, V, H, H. Maneno ni 13, lakini herufi za mwisho ni za aina tano tu: H, P, V, L na B. Tano, sawasawa na idadi ya irabu zetu. Hapo tayari nilijua kwamba hizo tano ndizo irabu, na kilichobaki ni kujua ipi ni ipi.

Umbali kati ya irabu ndio unaojibu swali hilo. Kutoka a hadi e ni hatua 4, e hadi i ni 4, i hadi o ni 6, o hadi u ni 6, na kutoka u kuzunguka hadi a ni 6 tena. Yaani 4, 4, 6, 6, 6, jumla 26. Kusogeza hakubadilishi umbali, kwa kuwa herufi zote zimeondoka kwa hatua sawa. Nikazipanga zile tano kwa mfuatano wa alfabeti: B, H, L, P, V. Kutoka B hadi H ni 6, H hadi L ni 4, L hadi P ni 4, P hadi V ni 6, na V kuzunguka hadi B ni 6. Nne mbili zinazofuatana zinaanzia H. Basi H ni a, L ni e, P ni i, V ni o na B ni u. Kutoka a hadi h ni hatua 7, kwa hiyo ufunguo ni 7.

Kabla ya kufumbua ujumbe mzima huwa napima kwa neno moja. Katika Kiswahili sanifu herufi c haisimami peke yake, hufuatwa na h daima. Kwa ufunguo wa 7, c inakuwa J na h inakuwa O. Nikatafuta J katika ujumbe: ipo mara moja tu, kwenye JOPUP, na mara baada yake inakuja O. Neno lote linasomeka "chini". Sikuhitaji ushahidi zaidi ya huo.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Natumia kanda mbili za karatasi ya miraba ya nusu sentimeta. Ukanda mfupi una A hadi Z mara moja, sentimeta 13. Ukanda mrefu una A hadi Z mara mbili mfululizo, sentimeta 26, na bado unaenea kwenye karatasi ya kawaida ya A4. Kurudia alfabeti kwenye ukanda mrefu ndiko kunakoondoa shida ya kuzunguka kutoka Z hadi A. Niliweka ukanda mfupi juu na mrefu chini, A ya juu ikakaa sawa na H ya kwanza ya chini. Kisha kila herufi ya ujumbe naitafuta chini na kusoma iliyo juu yake. I inatoa b, H inatoa a. Y inatoa r, na B, ile ya kipande cha pili, inatoa u. IHYBH ni "barua". Ujumbe mzima ukasomeka hivi:

barua ya pili iko chini ya jiwe kubwa karibu na mlango wa nyuma

Kosa linalowapata wengi hapa ni la mwelekeo. Ukitafuta herufi ya ujumbe kwenye ukanda wa juu na kusoma wa chini, unaongeza hatua 7 nyingine badala ya kuzitoa. Kosa hili linaweza kudanganya kwa muda, kwa sababu IHYBH inageuka kuwa "pofio", na masikioni hilo linafanana na neno. FH inakuwa "mo" na DH inakuwa "ko". Ukifika JOPUP unapata "qvwbw", na hapo unajua umegeuza kanda. Ndiyo maana napendelea kupima kwanza maneno marefu kuliko yale ya herufi mbili.

Kosa la pili ni kuazima hesabu ya herufi ya lugha nyingine. Njia ya kuhesabu herufi ni ya kale, al-Kindi wa Baghdad aliieleza katika karne ya 9, na inafanya kazi vizuri kabisa, ila jedwali la hesabu lazima liwe la lugha ya ujumbe. Katika ujumbe huu wa herufi 51, H imetokea mara 10 na P mara 7. Aliyezoea Kiingereza atasema inayozidi ni e, apate ufunguo wa 3, na IHYBH imtokee "fevye". Katika Kiswahili inayozidi kwa kawaida ni a, na inayoifuata mara nyingi ni i. Kati ya a na i ni hatua 8, na kutoka H hadi P ni hatua 8 vilevile. Herufi mbili za juu zikiachana hatua 8 kwa mpangilio huo, naamini hesabu yangu.

Njia hiyo ya kuhesabu ndiyo inayookoa pale nafasi kati ya maneno zinapoondolewa. Mwandishi makini angeuandika ujumbe kwa mafungu ya herufi tano: IHYBH FHWPS PPRVJ na kuendelea. Mwisho wa maneno hauonekani tena, lakini H bado ni 10 na P bado ni 7. Ukishapata herufi, kuyatenganisha maneno kwa macho si kazi kubwa kwa anayeijua lugha.

Sasa jambo linalosumbua kuliko yote. Kiswahili hakitumii q wala x, na wapo wanaotengeneza msimbo kwa alfabeti ya herufi 24, bila hizo mbili. Ufunguo unaweza kuwa ule ule 7, lakini ukifumbua kwa kanda za herufi 26 unapata maandishi yaliyonyooka nusu na kupinda nusu. Chukua neno "nyumba". Kwa alfabeti ya 24 na ufunguo wa 7 linaandikwa VFCUIH. Kanda za 26 zinalisoma "oyvnba": y, b na a ziko sawa, lakini n, u na m zimeruka hatua moja. Sababu ni kwamba herufi ambazo safari yao ya hatua 7 haikupita kwenye pengo la q na x hazikuathirika, na zilizopita zimesukumwa mbele. Baya zaidi, "kaka" inaandikwa SHSH, na kanda za 26 zinaisoma "lala", neno halali kabisa lisilo na uhusiano wowote na lililoandikwa. Dalili ya wazi ni "wa", ambayo inatokea "xa". Ukiona x katika Kiswahili kilichofumbuliwa karibu sawasawa, usibadilishe ufunguo, badilisha kanda.

Zile irabu za mwisho zinakuonya mapema pia. Kwa msimbo wa herufi 24 na ufunguo huo, irabu zinaangukia H, L, P, W na C, na umbali wake kwenye kanda za 26 ni 4, 4, 7, 6, 5 badala ya 4, 4, 6, 6, 6. Saba na tano hizo haziwezi kutokea katika alfabeti kamili. Ila angalia kwanza kama kanda zako hazina kosa, kwa sababu kusahau herufi moja wakati wa kuandika ukanda huleta dalili zinazofanana. Majina kama Salim au Rashid nayo huingiza konsonanti mwishoni, lakini hizo huonekana mara moja moja tu, pembeni ya zile tano zinazojirudia.

Mwenye kompyuta anaweza kuchapisha majaribio yote 25 kwa mistari hii ya Python:

```
s = "IHYBH FH WPSP"
for k in range(1, 26):
    print(k, "".join(chr((ord(c)-65-k) % 26 + 65)
          if c.isalpha() else c for c in s))
```

Mstari unaoanza na 7 utaonyesha BARUA YA PILI. Ujumbe uwe wa herufi kubwa tupu. Herufi ndogo zina namba zilizozidi za kubwa kwa 32, na 32 ukitoa 26 inabaki 6, kwa hiyo zitatokea zimeruka hatua 6 na ufunguo wake utaonekana kwenye mstari mwingine.

Hata hivyo, orodha ya majaribio 25 haitoi jibu moja kila mara, na hapo ndipo ujumbe mfupi unapotatiza. Tuseme umepata QL peke yake. Kwa ufunguo wa 3 ni "ni", kwa ufunguo wa 7 ni "je". Yote mawili ni maneno halali, na hakuna hesabu itakayokuchagulia, kwani j na e ziko nyuma ya n na i kwa hatua nne nne. Ikiwa ni QL PLPL, mambo yanabadilika: kwa 7 unasoma "je ieie", kwa 3 unasoma "ni mimi".