Siku moja na ramani ya karatasi ya mji wa Iringa

Saa 1:30 asubuhi. Baridi ya Iringa bado haijaachia. Mezani kuna ramani ya zamani ya mji, skeli 1:2,500, ambayo mteja anataka ikae juu ya picha ya setilaiti. Namba za gridi zilizokuwa pembezoni zimechanika, kwa hiyo pointi za udhibiti, yaani mahali panapoonekana kwenye ramani na tunapojua koodineti zake, tutazipima wenyewe mtaani.

Kabla ya kuiskani naipima kwa rula ya chuma. Mistari ya gridi ilichorwa kila sentimita 10. Kwa urefu wa karatasi bado ni sentimita 10 kamili, lakini kwa upana imebaki 9.96. Karatasi hunywa unyevu na kukauka, na nyuzi zake hunyauka zaidi upande mmoja. Katika upana wa sentimita 75 hiyo inafika milimita 3, yaani mita 7.5 ardhini. Kipimo hiki ndicho kitakachoniongoza mchana.

Naiskani kwa dpi 300. Pikseli moja inakuwa kama sentimita 21 ardhini, na mstari wa kalamu wa nusu milimita unafunika zaidi ya mita moja.

Saa 3. Tuko mtaani na GPS ya upimaji. Natafuta vitu vilivyosimama tangu ramani ichorwe: kona za Boma ya Wajerumani, soko kuu, jamatkhana ya Uhindini. Kona ya jengo naiamini kuliko njia panda, maana barabara hupanuliwa. Kisha tunapanda kuelekea Gangilonga na kushuka upande wa pili, kwa sababu pointi zikijazana katikati, pembe za ramani zinabaki bila kitu cha kuzishika.

Kijana wa mafunzo ananionyesha daftari la bikoni, yaani alama za mpaka na upimaji zilizozikwa ardhini. "Kaka, hizi bikoni zina koodineti tayari. Tusizitumie?"

"Ziko kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa koodineti, mdogo wangu. Sisi tunapima kwa WGS 84, mfumo wa GPS. Ukiziingiza hivyo hivyo zitakaa mita 300 hivi mbali na mahali pake. Tuzibadilishe kwanza."

Saa 7 mchana. Nafungua Georeferencer, zana ya kuipa picha koodineti ndani ya programu ya ramani ya QGIS, na kuweka EPSG:32736, yaani namba ya mfumo wa koodineti za mita wa UTM kanda ya 36 kusini. Pointi 12 naziingiza, 4 naziweka kando. Hizo nne programu haizioni kabisa. Ni za ukaguzi.

Sasa aina ya ubadilishaji, yaani hesabu ya kuihamisha picha hadi kwenye koodineti. Helmert huzungusha, husogeza na kubadili skeli kwa kiwango kimoja pande zote, kwa hiyo haiwezi kurekebisha karatasi iliyonyauka upande mmoja tu. Polynomial 1 inaruhusu skeli tofauti kwa upana na kwa urefu. Inahitaji pointi 3 tu, lakini kwa pointi 3 inapita juu ya zote kikamilifu na kosa halionekani. Kwa 12, kosa halina pa kujificha.

Matokeo ya kwanza ni mabaya. Njia panda moja ina baki, yaani umbali kati ya ilipoangukia na inapopaswa kuwa, la pikseli 74, karibu mita 16, na majirani zake nao wamevutwa kuielekea. Picha ya setilaiti inaeleza: pale sasa pana mzunguko, na makutano yamehamishwa. Naiondoa. Wastani wa kosa unashuka hadi pikseli 7, kama mita 1.5, na mishale ya mabaki inaelekea kila upande bila mpangilio. Mishale ya eneo zima ingeelekea upande mmoja, ningeshuku mkunjo.

Saa 9. Mkuu wangu anapita. "Weka Thin Plate Spline, kosa litasoma sifuri."

"Ni kweli Mzee, litasoma sifuri, kwa sababu inakunja ramani mpaka ipite kwenye kila pointi, hata ile mbovu."

Nazijaribu zote mbele yake kwa pointi nne za ukaguzi. Polynomial 1 inakosea kwa wastani wa mita 1.8. Polynomial 2 inafika mita 2.2, na kwenye pembe isiyo na pointi barabara iliyonyooka inaanza kupinda. Thin Plate Spline, yenye sifuri yake, inafika mita 2.6. Mzee anavuta kiti, anaangalia ile barabara, kisha anasema tubaki na ya kwanza. Ramani ingekuwa imechanika na kugundishwa, au imechorwa kwa mkono bila skeli moja, ningeichukua Thin Plate Spline bila kusita.

Saa 10:30 jioni. Natoa GeoTIFF, picha iliyobeba koodineti zake, nahifadhi faili la pointi la `.points` pembeni yake, na kwenye ripoti naandika aina ya ubadilishaji, pointi iliyoondolewa na sababu, na kosa la ukaguzi.

Mteja anapiga simu. Anauliza kama sasa anaweza kumwonyesha jirani kwamba ukuta wa jirani huyo umeingia kwenye kiwanja cha mteja sentimita 60. Namwambia hapana: ramani hii inaonyesha mtaa ulivyopangwa na njia zilivyopita, ila inakosea karibu mita 2. Kwa ukuta huo inabidi zitafutwe bikoni za kiwanja na zipimwe upya.