Bima ya mkopo: nilivyolinganisha makato na barua ya ofa

Niliposema nataka kukagua makato ya bima kwenye mkopo wangu wa mashine ya kukamulia alizeti hapa Dodoma, karibu kila mtu aliniambia hivi: angalia mwezi wa kwanza, ukilingana na ofa umemaliza. Ushauri huo unapoteza watu. Mwezi wa kwanza ndio mwezi usioonyesha kitu.

Mkopo ni shilingi 6,000,000, miezi 24, mtaji ukirudishwa 250,000 kila mwezi. Barua ya ofa ilisema bima ya maisha ya mkopaji ni asilimia 0.05 kwa mwezi ya salio la mtaji. Siku ya kwanza salio ni 6,000,000 kamili, kwa hiyo bima ni 3,000. Mkopeshaji anayekokotoa kwa mkopo wa awali naye anapata 3,000 ileile. Tofauti hujitokeza baadaye, salio likishuka.

Kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja mwezi wa 13. Salio la kuanzia ni 3,000,000, bima inatakiwa iwe 1,500. Mchanganuo wa marejesho niliopewa na mkopeshaji ulionyesha 3,000. Hapo jibu lilikuwa wazi: mfumo haukushusha bima hata mara moja. Hadi mwezi huo nilikuwa nimekatwa 39,000 badala ya 29,250, yaani 9,750 zaidi. Ingeachwa hadi mwisho, ingefika 72,000 badala ya 37,500.

Taarifa ya kawaida ya akaunti haitoshi, maana rejesho linatoka kama kiasi kimoja. Omba mchanganuo wa marejesho wenye mtaji, riba na bima kila kimoja peke yake. Mimi nililiweka salio la kuanzia la kila mwezi kwenye safu ya C ya Excel, kisha:

```
=ROUND(C2*0.0005,0)
```

Tumia salio halisi, si la ratiba. Ukichelewesha rejesho salio halishuki, na bima kubaki juu mwezi unaofuata ni halali. Vilevile, kama rejesho lako ni kiasi sawa cha mtaji na riba kwa pamoja, mtaji hupungua polepole mwanzoni, basi usitegemee bima iwe nusu katikati ya mkopo.

Kabla ya kudai, soma muhtasari wa polisi ya bima, yaani mkataba wa bima, kipengele cha kiasi cha kinga. Kuna polisi ambazo kinga haipungui: mkopaji akifariki, bima inalipa salio na kinachobaki kinakwenda kwa warithi. Kwa polisi hiyo 3,000 kila mwezi ni sawa. Yangu ilisema kinga ni salio la mkopo tu, kwa hiyo nusu ya makato ya mwezi wa 13 ililipia kinga isiyokuwepo.

Barua ya malalamiko niliiambatanisha na ukurasa wa ofa, ukurasa huo wa polisi na jedwali, nikapigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Niliomba mambo mawili kwa pamoja: 9,750 zirudi, na mfumo urekebishwe kwa miezi 11 iliyobaki. Ukidai pesa tu, makato yaleyale yanaendelea mwezi ujao.