Mkono wa vanishi

Mwaka 2016 nilikuwa kidato cha tatu, na likizo ya Desemba niliimaliza yote kwenye karakana ya mjomba, Ngamiani, Tanga. Kazi yake ilikuwa kusuka upya mota zilizoungua: feni, mashine za kusaga nazi, pampu za visima. Kusuka kwenyewe hakukumchosha. Kilichokuwa kikimuumiza ni vanishi.

Mota ikishasukwa, stata yake, ile sehemu isiyozunguka yenye nyaya, hupashwa moto kidogo, kisha huzamishwa polepole kwenye vanishi ili hewa iliyonaswa kati ya nyaya itoke. Unaona mapovu yakipanda. Ukiitoa kabla hayajakoma, ndani kunabaki mahali pakavu, na hapo ndipo waya utakapokuja kuungua tena. Kuitoa pia ni polepole, vanishi ichuruzike bila kuacha matone mazito. Basi mjomba alikuwa akisimama juu ya ndoo, stata ikining'inia kwenye ndoano mkononi mwake, dakika kadhaa kwa kila moja, huku mvuke ukimpanda usoni. Usiku nilikuwa namsikia akikohoa kupitia ukuta.

Kwenye kona ya karakana palikuwa na mkono wa roboti, wa aina ile ya kufundishia, ulionunuliwa mnadani pamoja na shehena ya mota mbovu. Ulikuwa na viungo vitano. Mota zake ndogo zilikuwa zimeungua na gia za plastiki zimekwisha meno. Mifupa yake ya alumini ilikuwa mizima kabisa. Nilimwambia mjomba nataka uwe unachovya stata badala yake. Hakunicheka. Aliniuliza swali moja tu: "Mota utakazoweka zina kaboni?"

Sikuelewa, akanieleza. Mota yenye brashi za kaboni hutoa cheche inapozunguka, na mvuke wa vanishi unashika moto. Nilikuwa nimeshapata printa nne kwa muuza vyuma chakavu, kwa bei ya kilo. Mbili zilikuwa za wino, na mota zake zilikuwa za brashi. Hizo tukaziweka kando. Nyingine mbili zilikuwa zile nzito za ribon, zilizokuwa zikichapa kwa kelele maofisini. Ndani yake mlikuwa na mota za hatua, ambazo hazina brashi. Kila ukiipa pigo moja la umeme inasogea nyuzi 1.8 na kusimama. Mapigo 200 ni mzunguko mmoja. Ugavi wa umeme tukauweka nje ya dirisha, nyaya tu ndizo zikaingia ndani.

Mota ilikuwa na nyaya nne na karatasi yake ilishabanduka. Nikatafuta mita. Mjomba akasema, "Weka mita chini, mjomba. Shika ekseli." Akagusanisha nyaya mbili, akaniambia nizungushe. Ilizunguka laini. Akaachia, akagusanisha nyingine mbili, na mara vidole vyangu vikakuta ekseli imekuwa nzito, inakwenda kwa kusitasita kama inapita kwenye lami. Nyaya hizo mbili ni za koili moja: ukizifunga, umeme inaozalisha mota yenyewe unapata njia na kuizuia. Hadi leo napima hivyo kwanza, mita baadaye.

Kilichonishinda kwa wiki nzima ni uzito. Nilifunga kijiti cha sentimita 5 kwenye ekseli nikaona mota inashika gramu 250 mwishoni mwake. Gia za printa, hatua mbili, zilinipa nguvu mara 8. Kwa hiyo kwenye mkono wa sentimita 25 mota ingeweza kushika gramu 400 na si zaidi. Stata ya feni ya mezani kwangu ilikuwa na gramu 600, na mkono wenyewe una uzito wake. Kila nikiwasha, mota inanguruma na mkono unashuka.

Jibu nililipata Sahare, nilikotumwa samaki. Mchuuzi alikuwa akipima kwa mizani ya sahani mbili, anainua kwa kidole tu. Nikamwangalia mpaka akaniuliza kama nataka samaki au nataka mizani. Nilirudi na samaki, na mfukoni risasi za nyavu nilizoomba kwa wavuvi.

Nilirefusha mkono kwa nyuma sentimita 10 na kufunga risasi huko. Hapa palihitaji kufikiri. Ukisawazisha mkono ukiwa umebeba stata, basi ukiwa mtupu unavutwa nyuma kwa uzito wote wa gramu 600, na mota inashindwa upande wa pili. Nikasawazisha mkono wenyewe pamoja na nusu ya mzigo. Ukibeba, mota inapigana na gramu 300. Ukiwa mtupu, inapigana na 300 kinyume chake. Zote mbili ziko chini ya 400. Risasi zilifika kama kilo moja na robo.

Usiku wa kwanza ulifanya kazi mizunguko kadhaa, kisha stata ikatua kwenye ukingo wa ndoo na vanishi ikamwagika hadi mlangoni. Mjomba alimwaga mchanga juu yake, akafungua madirisha yote, akanyamaza. Ukimya ule uliniuma.

Nilidhani mkanda unaozungusha kiungo umelegea. Nikachora mstari kwenye kiungo, nikauendesha mtupu na kupima ncha inaporudi. Ilikosea milimita 4. Mara nyingine 8. Mara nyingine 12. Haikukosea 3 wala 5. Mkanda uliolegea haukosei kwa hesabu namna hiyo. Mota ya hatua ikishindwa kufuata, haitelezi kidogo. Inaruka hatua 4 nzima kabla ya kushika tena. Hatua 4 ni nyuzi 7.2, kwenye mkono baada ya gia ni 0.9, na kwa sentimita 25 hiyo ni karibu milimita 4. Na mota haijui kuwa imeruka. Bodi inayoipa mapigo inaendelea kuhesabu kana kwamba yote yamekwenda sawa.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa naianzisha kwa kasi kamili, wakati risasi na stata bado zimelala. Nikaifanya ianze taratibu kwa hatua 40 za kwanza:

```
for (int i = 0; i < hatua; i++) {
  piga();
  delayMicroseconds(i < 40 ? 6000 - 100*i : 2000);
}
```

Kisha nikang'oa kwenye printa kile kijicho kinachotambua karatasi, chenye pengo katikati na mwanga unaopita. Nikafunga kipande cha bati kwenye mkono, kila mzunguko kiukate ule mwanga, na bodi ianze kuhesabu upya kutoka hapo. Ikiruka, inakosea mzunguko mmoja tu.

Viungo nilivyofufua ni viwili, bega na kitako. Kiwiko nilikikaza kwa bolti. Jumamosi moja asubuhi mjomba alitundika stata ya feni, akatoka akasimama barazani, akachungulia dirishani. Mkono ukashuka. Mapovu yakapanda kwa wingi, yakapungua, yakabaki moja moja, yakakoma. Ulipopanda, vanishi ilivutika uzi mwembamba, ukakatika.

Stata za pampu, zenye kilo 2 na kuendelea, haukuziweza, na mjomba aliendelea kuzichovya mwenyewe. Lakini za feni ndizo zilikuwa nyingi. Aliniita kutoka barazani, "Mjomba, tundika ya pili."