Nilivyoukagua mfumo wa mikopo, na kwa nini msimbo haukunisaidia

Karibu kila niliyemwomba ushauri aliniambia kitu kimoja: anza kwa kuomba msimbo wa programu. Nikauomba, na muuzaji wa mfumo akanipa baada ya kunisainisha makaratasi ya usiri mpaka mkono ukachoka. Haukunifaa kitu. Modeli yenyewe, yaani sehemu inayompa kila mwombaji alama, ilikuwa mamia ya miti ya maamuzi iliyofuatana, kila mti ukirekebisha makosa ya uliotangulia. Unaweza kuisoma yote na usijue kwa nini huyu kapata alama 571 na yule 640. Wanaotoa ushauri huo nadhani hawajawahi kukagua kitu kinachoamua chenyewe.

Mfumo wenyewe uliamua maombi ya mikopo midogo. Kuanzia alama 620 unapewa, chini ya 540 unakataliwa papo hapo, na walio katikati wanapelekwa kwa afisa mikopo, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho. Uongozi ulijivunia sana huyo afisa. Nitamrudia.

Nilianza na data zinazoingia. Nilidai data zilizotumika kuifunza modeli, na pia data za maombi halisi jinsi zilivyoifikia modeli, si jinsi zilivyo kwenye fomu. Hilo la pili walilizungusha sana, lakini usilegeze. Kati ya fomu na modeli kuna hatua za kusafisha na kujaza mapengo ambazo hakuna atakayekuonyesha usipouliza. Kisha nikapita safu moja baada ya nyingine nikihesabu tupu na sifuri. Kazi ya kuchosha, ila ndiyo iliyonilipa:

```
mafunzo["miezi_namba"].eq(0).mean()
maombi["miezi_namba"].eq(0).mean()
```

Safu hiyo ni miezi ambayo mwombaji amekuwa na namba yake ya simu. Kwenye data za mafunzo sifuri hazikufika asilimia 1. Kwenye maombi halisi zilikuwa kama asilimia 14. Watu hawawezi kuwa wamebadilisha namba kwa wingi namna hiyo, kwa hiyo nikajua kuna mkono umepita.

Ilikuwa hivi. Walioifunza modeli walijaza mapengo kwa thamani ya katikati, miezi 38. Waliouunganisha mfumo na fomu, timu nyingine kabisa, walijaza 0. Modeli ilikuwa imeshajifunza kwamba mwenye namba mpya hulipa kwa shida. Na mapengo yalitoka kwa waombaji waliotumia toleo la zamani la fomu, ambalo halikuwa na swali hilo. Mtu aliyekaa na namba yake miaka mingi alionekana kaisajili jana.

Mhandisi wa muuzaji hakushtuka. "Mkaguzi, hiyo safu ni ya saba kwa uzito, athari yake ni ndogo." Nakiri nilifurahi kusikia hivyo, maana nilikuwa nimeshajiandaa. Uzito wa safu ni wastani wa waombaji wote, wakiwemo wale ambao kwao hakuna pengo. Haukwambii lolote kuhusu aliyeangukia kwenye sifuri. Nikachukua maombi yenye sifuri yaliyokosa mkopo, nikatafuta miezi halisi kwenye kumbukumbu nyingine za wateja, nikayapitisha upya kwenye mazingira ya majaribio nikiwa nimebadilisha safu hiyo moja tu. Yule wa 571 akapanda hadi 633. Si wote waliosogea. Wenye madeni yaliyochelewa walibaki chini, na ndivyo ilivyotakiwa. Kisha nikafanya kinyume: nikachukua waliopewa mkopo, nikawawekea 0, nikatazama wanavyoporomoka. Hilo la pili usiliache, kwa sababu bila hilo utaambiwa hao wa kwanza walikuwa wakopaji wabaya tu. Mhandisi hakusema tena habari ya uzito.

Kuhusu jinsia nitasema kwa ufupi, maana hapa ndipo ushauri mbovu umejaa. "Tumeiondoa safu ya jinsia" si jibu. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa Amazon iliachana na chombo cha kuchuja waombaji kazi kilichokuwa kikishusha wasifu wenye neno linaloonyesha jambo ni la wanawake, mfano klabu yao. Modeli inafika ilipozuiwa kwa njia ya pembeni. Mimi huijaribu kwa kufunza modeli ndogo ikisie jinsia kutokana na safu zilizobaki. Ikikisia vizuri, habari bado imo ndani, na unapaswa kulinganisha makundi kwenye matokeo yenyewe, si kwenye orodha ya safu.

Sasa afisa. Maafisa walikubaliana na mwelekeo wa alama karibu kila mara, na uongozi ulisoma hilo kama sifa ya modeli. Mimi nikaomba kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha saa faili lilipofunguliwa na saa uamuzi ulipobonyezwa. Nusu ya mafaili yaliamuliwa ndani ya sekunde 11. Faili lina kurasa sita.

Usiishie kwenye sekunde, watakwambia maafisa ni wazoefu. Nikaketi nyuma ya afisa mmoja nikatazama skrini. Faili linafunguka na alama ndiyo kitu cha kwanza, kubwa, nyekundu ikiwa iko chini ya 580. Kukubaliana nayo ni kitufe kimoja. Kuipinga kunafungua kisanduku kinachodai maelezo ya herufi zisizopungua 150, na wakati huo afisa anapimwa kwa idadi ya mafaili anayomaliza. Yule mama alikuwa amehifadhi aya moja ya maelezo pembeni, anainakili kila anapothubutu kupinga. Simlaumu hata kidogo, na jina lake halikuingia kwenye ripoti.

Ndipo nikacheza karata yangu. Kwa ruhusa ya maandishi, na kwa njia ambayo hakuna fedha ingetoka wala mteja halisi kuguswa, nilichomeka kwenye foleni maombi niliyoyatunga yenye alama za uongo: mwenye mapato ya uhakika na historia safi nikampa 548, mwenye mapato yasiyolingana na taarifa za benki nikampa 612. Mengi yalipita kama alama ilivyosema. Kisha tukawapa maafisa maombi ya aina ile ile alama ikiwa imefichwa mpaka waandike uamuzi wao kwanza. Safari hii waliyanasa karibu yote. Ujuzi walikuwa nao. Skrini ndiyo iliyowazuia kuutumia.

Mapengo sasa yanawekewa lebo yao ya "haijajazwa" na modeli imefunzwa upya nayo, waliokosa mkopo kwa sababu ya sifuri wamepitiwa upya, na alama inaonekana baada ya afisa kuandika maoni. Kisanduku cha herufi 150 sasa kinafunguka kwa anayekubali na anayepinga vilevile. Kilichonishinda ni kimoja. Usahihi wa modeli unapimwa kwa waliopewa mkopo tu, kwa kuwa aliyekataliwa hatujui angelipa au la. Nilipendekeza wachache walio chini kidogo ya 540 wachaguliwe kwa bahati nasibu wapewe mikopo midogo, ili tupate jibu. Uongozi umesema hasara hiyo hawaitaki. Pendekezo liko kwenye ripoti, na nitaliweka tena kwenye ijayo.