Mstari mmoja chini: nilivyosoma vibaya kitabu cha gari la mjomba

Nafanya kazi kwenye chumba cha fotokopi hapa Nyawera, Bukavu, na kwa sababu hiyo ndugu zangu wanaona kila karatasi yenye Kifaransa ni mzigo wangu. Mjomba wangu ana gari dogo alilonunua likiwa limeshatumika. Lilikuja na kitabu chake cha Kifaransa, kimechapwa kwa wino mweusi mtupu. Mjomba husoma Kiswahili bila shida, Kifaransa walishaachana siku nyingi.

Asubuhi moja alinitumia picha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya dashibodi: taa moja imewaka, ndani yake alama ya mshangao. Ya pili ilikuwa ya ukurasa wa kitabu, jedwali la taa za onyo, michoro upande wa kushoto na maelezo upande wa kulia. Chini yake ujumbe wa sauti: «Mwipwa, hii taa inasema nini? Niko na safari ya Kadutu.»

Nilikuwa na wateja wawili wamesimama mbele yangu. Nikakuza ukurasa kwa vidole, nikaona mchoro wenye alama ya mshangao, nikafuata mstari kwenda kulia, nikamtafsiria: upepo wa tairi umepungua, jaza mapema iwezekanavyo. Kazi ya dakika moja. Akaenda kujaza upepo.

Yule kijana wa upepo akamwambia kwamba tairi zote nne zilikuwa sawa. Mjomba akamwambia aongeze kidogo hivyo hivyo, maana kitabu kimesema. Alipowasha gari, taa haikuwepo. Akanipigia kunishukuru, nami nikapokea shukrani zile bila kuona haya. Kama saa moja baadaye akapiga tena, sauti imebadilika. Alikuwa akishuka kutoka Kadutu, na kila gari lilipoinamisha pua taa iliwaka. Akifika mahali tambarare inazima.

Tairi lenye upepo mdogo halibadiliki kwa sababu ya mteremko. Kitu kinachobadilika kwenye mteremko ni kile kilichomo ndani ya chombo na kinaweza kuhamia upande. Hapo tumbo likaniuma. Nikamwomba asimamishe gari mahali salama, aweke jiwe nyuma na mbele ya gurudumu, asiliguse mpaka nimpigie.

Nikafungua ile picha upya, safari hii kwenye kompyuta. Kosa lilikuwa wazi, na mimi mtu wa fotokopi ndiye niliyepaswa kuliona kwanza. Kitabu kikifunguliwa bila kulazwa, karatasi hujikunja karibu na mshono. Michoro ilikuwa upande huo wa mshono, kwa hiyo kwenye picha ilikuwa imeteremka kuliko maelezo yake. Jedwali lenyewe halikuwa na mistari ya kutenganisha safu. Mchoro wa breki ulionekana umekaa sawa na maneno ya tairi, ambayo yako safu moja chini. Na mchoro wa tairi ulikuwa umekaa sawa na pengo jeupe, jambo ambalo lingenishtua kama ningeangalia safu mbili badala ya moja.

Tena ile michoro miwili haifanani hata kidogo ukiitulizia macho. Wa breki ni duara kamili, alama ya mshangao katikati, na kulia na kushoto duara limekumbatiwa na mabano mawili. Wa tairi ni kama chungu kilichopasuliwa katikati: juu kiko wazi, chini kina meno meno, ndiyo kashata za tairi, na alama ya mshangao imo ndani. Magari mengine yana na wa tatu, alama ya mshangao ndani ya pembetatu, ambao ni onyo la jumla. Mimi nilikuwa nimesoma alama ya mshangao tu, nikaacha nyumba inayokaa.

Rangi nayo ilitudanganya. Kitabu hakina rangi. Simu ya mjomba ni ya zamani, na taa yenye mwanga mkali ikipigwa picha gizani hupauka. Kwangu ilionekana kama ya manjano. Nikampigia: «Mjomba, usiangalie picha, angalia taa yenyewe. Iko nyekundu ao iko ya rangi ya chungwa?»

«Nyekundu kama pilipili.»

Taa ya tairi huwa ya rangi ya chungwa au manjano, yaani shughulikia mapema. Nyekundu ni simama. Kisha nikamwomba azungushe ufunguo hadi taa zote ziwake, bila kuwasha injini. Hapo gari hujipima na kuonyesha taa za mifumo iliyo nayo. Akanihesabia moja moja: betri, mafuta ya injini, breki, mikanda. Chungu chenye meno hakikuwepo. Gari lile halina kabisa kipimo cha upepo wa tairi, na kweli, chini ya ukurasa kulikuwa na nyota ndogo na maneno yaliyokatwa nusu na ukingo wa picha. Nikamwomba apige upya: kitabu kilazwe, mkono ubonyeze mshono, simu iwe juu kabisa ya ukurasa, na pembe zote nne zionekane. Ile nyota ilisema: kwa magari yenye kifaa hicho tu.

Safu ya breki nayo, sasa ikisomeka vizuri, ilikuwa na sehemu mbili. Taa huwaka kama breki ya mkono imevutwa. Ikibaki baada ya kuiachia, mafuta ya breki yamepungua au mfumo una hitilafu: simamisha gari mara moja mahali salama. Breki ya mkono ilikuwa imeachiwa wakati wote alipokuwa akishuka, kwa hiyo ikabaki sehemu ya pili.

Akafungua boneti, akapata kichupa cha mafuta ya breki chenye alama za MIN na MAX ubavuni. Mafuta yalikuwa yanagusa MIN. Ndani yake kuna boya dogo. Gari likiinama mafuta yanakimbilia upande mmoja, boya linashuka, taa inawaka. Kwenye tambarare yanarudi, taa inazima. Ule upepo wa tairi haukuwa umetibu chochote.

Mjomba alitaka kununua chupa ya mafuta na kuongeza palepale. Fundi ambaye mjomba alikwenda kumwita kwa miguu alimkataza. Alikanyaga pedali kwanza: ngumu, haizami. Akachungulia ndani ya magurudumu yote manne na chini ya kichupa: pakavu. Halafu akafungua gurudumu la mbele akatuonyesha plaketi za breki. Nilikuwa nimeshafika kwa pikipiki. Sehemu inayosugua ilikuwa imebaki nyembamba kuliko bati lililoibeba. Akaeleza kwamba kadiri plaketi inavyoisha, pistoni inatoka nje zaidi, na mafuta yanaingia kujaza nafasi nyuma yake. Hayajavuja, yamehama.

«Kama pedali ingezama ao kungekuwa na unyevu kwenye gurudumu, hii gari ingevutwa,» alisema.

Plaketi mpya zikaletwa. Alipozisukuma pistoni zirudi ndani, alitwambia tuangalie kichupa. Mafuta yalipanda taratibu mbele ya macho yetu, yakapita katikati, yakasimama kidogo chini ya MAX, na hakuna aliyekuwa ameongeza hata tone.

Mjomba akanigeukia. «Na ule upepo niliolipa?»

Nikamrudishia pesa yake.