Kumbukumbu ya mradi wangu: tangazo likikosa kuonekana, je, ni fedha au ni daraja?

Kwa wiki tano sasa ninaendesha kampeni moja ya utafutaji katika Google Ads, inayotangaza masomo ya gitaa ya kujifunzia nyumbani. Bajeti ya siku sijaibadilisha tangu mwanzo, na madau, yaani kiasi cha juu ninachokubali kulipa kwa mbofyo mmoja, ninayaweka mwenyewe kwa mkono. Jambo ninaloliandika hapa ni lile lililonipotosha katika wiki ya pili, nalo ni tofauti kati ya safu mbili za ripoti, `Search lost IS (budget)` na `Search lost IS (rank)`.

Safu hizo hueleza sehemu ya mionekano ambayo tangazo lingeweza kuipata lakini halikuipata. Ya kwanza hutaja iliyopotea kwa sababu bajeti haikutosha. Ya pili hutaja iliyopotea kwa sababu daraja la tangazo lilikuwa dogo mno katika mnada, yaani shindano la matangazo linalofanyika kila mtu anapotafuta, na daraja hilo hutokana na dau, ubora wa tangazo na wa ukurasa linakompeleka msomaji, pamoja na mazingira ya utafutaji wenyewe. Ukijumlisha safu hizo mbili na sehemu iliyopatikana, jibu ni mia moja. Wiki yangu ya kwanza ilisomeka hivi:

```
Search impr. share        56%
Search lost IS (budget)   26%
Search lost IS (rank)     18%
```

Mionekano iliyowezekana wiki hiyo ilikadiriwa kuwa 4,000, tangazo likaonekana mara 2,240 na kuleta mibofyo 105. Nilipoiona ile 18% nilitamani tangazo lipande juu zaidi, nikaongeza dau kwa theluthi moja bila kugusa bajeti. Wiki ya pili sehemu iliyopotea kwa daraja ilishuka hadi 12%, nikafurahi, kisha nikatazama ile safu nyingine na kukuta kwamba iliyopotea kwa bajeti imepanda kutoka 26% hadi 43%. Tangazo lilionekana mara 1,800 tu, na mibofyo ikawa 90. Nilikuwa nimelipa fedha zile zile kwa wasomaji wachache zaidi.

Sababu yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndiyo kiini cha jambo zima. Bajeti isipotosha, mfumo huliweka tangazo nje ya baadhi ya minada ili fedha zisiishe mapema kupita kiasi, na mnada ambao tangazo halikuingia huhesabiwa kuwa umepotea kwa bajeti, hata kama lingeingia na kushindwa kwa daraja. Kwa hiyo kampeni yenye njaa ya fedha huuficha udhaifu wake wa daraja: ile 12% haikuwa dalili kwamba tangazo limekuwa imara kiasi hicho, kwa kuwa karibu nusu ya minada halikushiriki kabisa. Dau kubwa zaidi lilifanya kila mbofyo uwe ghali, fedha zikatosha mibofyo michache, na hasara ikahama kutoka safu moja hadi nyingine.

Wengi husoma hasara ya bajeti kama amri ya kuongeza bajeti. Ni jibu halali iwapo kila mbofyo, kwa bei inayolipwa sasa, huleta faida. Kiasi kinachohitajika hukadiriwa kwa kujumlisha sehemu iliyopatikana na iliyopotea kwa bajeti, kisha kugawa kwa iliyopatikana. Kwa wiki yangu ya pili ni 88 kugawa kwa 45, yaani karibu mara mbili ya bajeti niliyokuwa nayo. Hata hivyo, hicho ni kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa sehemu ya minada itakayofunguliwa na fedha mpya itapotea tena, safari hii kwa daraja.

Mimi sikuwa na fedha hizo, wala sikuwa na uhakika kwamba mbofyo wa wiki ya pili unajilipia. Wiki ya tatu, basi, nilishusha dau hadi moja ya tano chini ya lile la mwanzo. Nilijua nafasi ya tangazo katika ukurasa ingeshuka, na kweli sehemu ya waliolibofya baada ya kuliona ilipungua kutoka 5% hadi 4.5%. Lakini matokeo yalikuwa haya:

```
Search impr. share        70%
Search lost IS (budget)    6%
Search lost IS (rank)     24%
```

Mionekano ilifika 2,800 na mibofyo 126 kwa bajeti ile ile. Hasara ya daraja imeongezeka maradufu ukilinganisha na wiki ya pili, nami naiona kuwa habari njema, kwa sababu sasa tangazo linaingia karibu katika kila mnada na ninachokisoma ni udhaifu wake halisi. Anayetumia madau ya kiotomatiki hana dau la kushusha kwa mkono. Akiwa ameweka lengo la gharama kwa kila mauzo, lengo hilo ndilo la kuvutwa chini, na akiwa ameuachia mfumo utafute mauzo mengi kadiri unavyoweza, asishangae kuona hasara ya bajeti, kwa kuwa mfumo huo hukusudia kutumia bajeti yote.

Wiki ya nne niliishughulikia ile 24%. Hasara ya bajeti husomwa katika ngazi ya kampeni tu, kwa kuwa bajeti ni ya kampeni, ilhali ya daraja hufuatiliwa hadi kwenye neno moja moja la utafutaji. Huko nilikuta kwamba wastani wangu ulificha mambo mawili yasiyofanana. Neno „gitaa" pekee lilikuwa limepoteza zaidi ya 90%, na ripoti ya maneno yaliyoandikwa na watafutaji ilionyesha kwamba wengi wao walitaka kununua gitaa au kusikiliza nyimbo. Kulipandishia dau kungekuwa kununua wasomaji wasio wangu, nikalisimamisha. Ikumbukwe kwamba hatua kama hiyo hupunguza pia jumla ya mionekano inayowezekana, hivyo asilimia hupanda bila tangazo kuonekana hata mara moja zaidi. Baada ya kusafisha namna hiyo ni afadhali kuhesabu mibofyo na mauzo.

Neno „kufunga nyuzi za gitaa" lilikuwa na kisa kingine. Lilipoteza 38% kwa daraja, alama yake ya ubora ilikuwa 4 kati ya 10, na pale chini yake mfumo ulitaja ukurasa wa kufikia na uhusiano wa tangazo kuwa chini ya wastani. Aliyelibofya alifikishwa kwenye ukurasa wa mwanzo, ambako somo la nyuzi halikuonekana bila kulitafuta. Nililitengea kundi lake la matangazo, nikaandika tangazo linalotaja nyuzi katika kichwa chake, na kulielekeza kwenye somo lenyewe. Dau sikuligusa. Mwishoni mwa wiki ya tano alama imefika 7 na hasara ya daraja ya neno hilo imeshuka hadi 21%.

Kwa kuwa tangazo hilo sasa linashinda minada mingi zaidi, linakula fedha zaidi, na hasara ya bajeti ya kampeni imeanza kupanda tena, kutoka 6% hadi 11%. Wiki ya sita nitahesabu mauzo ya neno hilo dhidi ya gharama zake kabla ya kuamua kama nilihamishie kwenye kampeni yenye bajeti yake au nishushe madau ya mengine.